Jina la Mzee Libaki Stoo, Tuzo Ibebe Tendo Lake

Kampuni moja ya kusambaza vifaa vya ujenzi, yenye makao yake Kisumu na depo Kakamega, Busia na Nakuru, ilifiwa na mzee wake wa stoo. Alikuwa karani ambaye kila mwenye biashara huomba ampate: hatii sahihi karatasi ya kupokea mzigo kabla hajauhesabu yeye mwenyewe. Baada ya mazishi, mkurugenzi aliwakusanya wafanyakazi akatangaza kwamba kila Desemba itatolewa tuzo yenye jina la marehemu. Watu walipiga makofi, wengine wakafuta machozi. Siku kama ile hakuna mtu mwenye akili zake angesimama kupinga.

Matatizo yalianza pale jina lilipotakiwa kufanya kazi. Mwaka wa kwanza mshindi alitoka stoo ya Kisumu. Wa pili vilevile. Wote wawili walikuwa wanaume wa makamo, wapole, waliofanya kazi na marehemu kwa miaka mingi. Busia, ambako nusu ya wafanyakazi waliajiriwa baada ya msiba, haikutuma pendekezo hata moja. Madereva nao walijitoa mapema, maana waliona hiyo ni tuzo ya watu wa stoo.

Mwaka wa tatu niliombwa kuketi na kamati kama mtu wa nje, nikapewa mafaili ya mapendekezo nisome. Karibu barua zote zilisema jambo moja kwa maneno tofauti: huyu anafanana na mzee. Ana subira kama yake, haongei ovyo, anamcha Mungu, anafika mapema. Hakuna aliyeandika kilichotokea. Barua moja tu ilikuwa na tukio, nayo ilimhusu mwanadada wa malipo wa Busia aliyezuia lori lisitoke kwa sababu namba za lakiri hazikulingana na zile za kwenye karatasi, huku dereva, mteja na meneja wake mwenyewe wakimpigia kelele. Mjumbe mmoja aliisoma, akaiweka chini na kusema, kwa nia njema kabisa, kwamba binti huyo kweli amefanya vizuri, ila hana ule upole wa mzee.

Sentensi hiyo ndiyo sababu ya makala haya. Upole haukuwa sharti la tuzo. Hakuna aliyewahi kuuandika popote. Uliingia mlangoni pamoja na jina, ukaketi kwenye kamati kama mjumbe asiyeonekana. Mtu hana sifa moja: ana umri, jinsia, dini, lugha ya nyumbani, namna ya kucheka na ya kunyamaza. Ukiipa tuzo jina lake, vyote hivyo vinakuwa kipimo bila mtu kuamua viwe. Na kwa kuwa hakuna aliyeamua, hakuna wa kumlalamikia.

Najua kwa nini jambo hili linatuwia gumu huku kwetu. Jina la marehemu halitupwi. Mjaluo humpa mtoto jina la babu aliyekuja ndotoni, Mluhya humwita mjukuu kwa jina la nyanya aliyetangulia. Lakini mtoto aliyepewa jina la babu hapelekwi kila Desemba kupimwa na binamu zake nani anafanana na babu zaidi. Kwa mtoto, jina linabeba kumbukumbu na basi. Kwa tuzo, linabeba kumbukumbu na pia linachagua watu, na hizo ni kazi mbili zisizopatana.

Nchi yenyewe imepitia somo hili. Kwa miaka mingi tarehe 20 Oktoba iliitwa siku ya Kenyatta, kwa sababu ndiyo siku ya mwaka 1952 alipokamatwa hali ya hatari ilipotangazwa. Ila waliofikishwa mahakamani Kapenguria walikuwa sita, na mmoja wao, Achieng' Oneko, alikuwa mtu wa Nyanza. Jina la mmoja liliwafunika watano, seuze maelfu ya wengine ambao hawakufikishwa hata mahakamani. Katiba ya 2010, kifungu cha 9, ikaiita Mashujaa. Jina hilo lilishika, na leo ni nadra kumsikia kijana akitumia lile la zamani. Sababu naiona wazi: jina jipya lilifungua mlango kwa watu wengi, na bado Kenyatta hakutolewa nje. Ni shujaa kati ya mashujaa.

Lakini angalia pia tarehe 10 ya mwezi huohuo. Siku ya Moi iliondolewa kwenye orodha ya Katiba mwaka 2010, mahakama ikaamua 2017 kwamba bado ni sikukuu kisheria, na tangu hapo imebadilishiwa jina mara kadhaa. Huduma ilipendekezwa, ikawa Utamaduni, na kufikia 2024 ni Mazingira. Yote ni maneno mema. Hata hivyo, muulize mtu yeyote stendi ya Nakuru siku hiyo ni ya kufanya nini, utaona anavyokuna kichwa. Kuondoa jina la mtu na kuweka jina la jambo jema hakutoshi. Jambo jema lisilosema nani afanye nini huwa kibao kinachosubiri kupakwa rangi nyingine.

Kamati yetu ilikaribia kuanguka kwenye shimo hilohilo. Tulipokubaliana kwamba jina la mzee litoke kwenye tuzo, pendekezo la kwanza lilikuwa Tuzo ya Uadilifu. Liliungwa mkono kwa haraka, na haraka hiyo ilinitia wasiwasi. Nilipinga kwa sababu mbili. Kwanza, ukimtangaza mmoja kuwa ndiye mwadilifu wa mwaka, umewaambia nini wengine zaidi ya mia walioketi ukumbini wakila kuku wako? Sifa ya tabia haigawanyiki kwa mashindano. Pili, mshindi huyo akikutwa na kosa mwaka unaofuata, ataondoka na tuzo yenyewe, maana ulithibitisha tabia yake na tabia ya mtu huwezi kuithibitisha. Unachoweza kuthibitisha ni kwamba siku fulani alifanya jambo fulani. Hilo litabaki kweli hata akifukuzwa kazi kesho.

Kwa hiyo tulirudi nyuma. Tulienda kwa makundi matatu, makarani, madereva na utingo wao, na wapakiaji, tukawaomba watusimulie tukio moja la mzee walilolishuhudia. Sharti lilikuwa moja: hakuna kumsifu. Mtu akianza na “alikuwa mtu wa”, tunamkatiza na kumuuliza siku hiyo ilikuwaje. Ni kazi ngumu kuliko inavyosikika, kwa sababu tumezoea kuwazungumzia wafu kwa lugha ya tanzia. Ila baada ya muda matukio yalianza kutoka.

Lori la saruji lilifika mvua ikinyesha, karatasi ikisema mifuko 560, yaani tani 28 kamili za mifuko ya kilo 50. Mzee alihesabu akapata 554. Akahesabu tena. Akamwambia dereva asubiri, akampigia aliyeuza, na lori likalala pale. Tukio la pili: mzee mwenyewe alitoa mabati kwa mteja asiye wake. Hakuna aliyegundua. Alipanda ofisini jioni hiyohiyo akamwambia mkurugenzi, “Nimekosea, mzigo wa fulani umeenda kwa fulani,” na asubuhi mabati yakafuatwa kabla hayajapigiliwa misumari. Tukio la tatu lilirudiwa na watu wengi: alivyokuwa akiwafundisha makarani wapya kujaza kadi ya stoo, akikataa wasijaze jioni kwa kukumbuka bali kila bidhaa inapotoka.

Haya ni matendo matatu tofauti, na hapo ndipo kamati ilipobishana kweli. Kuhesabu kabla ya kutia sahihi ni umakini. Kufundisha ni ukarimu wa ujuzi. Kupanda ngazi kusema kosa lako ni jambo jingine kabisa. Tuzo moja haiwezi kubeba yote bila kurudi kuwa picha ya mzee. Swali lililotusaidia ni hili: kati ya haya, lipi ni gumu kwa mfanyakazi wa kawaida kulifanya, linaifaa kampuni sana, na kwa kawaida halionekani? Umakini huonekana kwenye hesabu za mwisho wa mwezi. Mwalimu mzuri huonekana kwa wanafunzi wake. Lakini mtu aliyesema mapema kwamba mambo yameharibika huishia kukumbukwa kama aliyeleta habari mbaya, au hakumbukwi kabisa, kwa sababu hasara aliyoizuia haikutokea.

Basi tukatafuta jina la tendo hilo. Hesabu Safi lilipendwa na wa stoo na wa malipo, madereva wakacheka: wao wanahesabu nini? Mkono Safi lilikuwa baya zaidi, maana linauliza mikono ya nani ni michafu. Likabaki Kusema Mapema. Halina mbwembwe, na mjumbe mmoja alisema linasikika kama tangazo la kliniki. Huenda. Lakini lilipita mtihani ambao mengine yalishindwa: ukisema “fulani amepewa tuzo ya kusema mapema”, anayekusikia atauliza mara moja, “Alisema nini?” Jina linaloomba tukio ni jina linalofanya kazi. Ukisema fulani amepewa tuzo ya ubora, hakuna anayeuliza chochote.

Ufupi pia si jambo dogo. Hospitali kubwa ya Kisumu ina jina rasmi refu la kumuenzi Jaramogi Oginga Odinga, na bado abiria humwambia mtu wa bodaboda ampeleke Russia, kwa sababu ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti na jina hilo fupi lilitangulia kukaa vinywani. Wafanyakazi nao wataifupisha tuzo yako upende usipende. Heri wafupishe jina ambalo likikatwa bado linasema kitu. Wakisema “amepata Mapema”, sijali.

Kabla ya kulipitisha tulilijaribu kwa mwaka uliokwisha. Tuliuliza kila depo itafute tukio moja la miezi kumi na miwili iliyopita ambalo lingefaa chini ya jina hilo. Kama depo moja ingekosa kabisa, tungejua jina limeelemea kazi ya aina fulani. Busia ilikuwa na yule mwanadada wa lakiri. Nakuru ilimleta dereva aliyesimamisha lori kabla ya kuteremka kuelekea Salgaa kwa sababu breki zilikuwa zinashika upande mmoja, akapiga simu, akasubiri fundi siku nzima na mzigo ukachelewa. Kakamega ilimtaja mpakiaji aliyeripoti kwamba yeye mwenyewe ameirudisha vibaya mikebe ya rangi na iliyo chini imebonyea. Kisumu walikuwa na wawili. Mpakiaji kuwania tuzo sawa na karani lilikuwa jambo jipya pale, na kwangu hilo peke yake lilitosha kuhalalisha zoezi zima.

Dereva wa Nakuru ndiye aliyetuonyesha ugumu uliofuata. Ilibainika kwamba posho yake ya safari ya siku ile ilikatwa kwa sababu mzigo ulichelewa. Yaani kampuni ilikuwa inataka kumpa kwa mkono wa kulia kile ilichomnyang'anya kwa wa kushoto. Tukachimba zaidi, tukakuta kuna mazoea ya kuwakata makarani mshahara mifuko ikipungua stoo, bila kuuliza ilipunguaje. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19, haimruhusu mwajiri kumkata mfanyakazi kwa mali iliyoharibika au kupotea isipokuwa kwa kiasi cha haki, na pale tu hasara imetokana na kosa la makusudi. Pesa taslimu zina utaratibu wake kwa waliokabidhiwa pesa kwa mkataba. Karani anayejua atakatwa mifuko sita hawezi kusema mapema. Atanyamaza na kutafuta namna ya kuirekebisha kadi. Nilimwambia mkurugenzi kwamba akipitisha jina hili na kuacha makato yale, wafanyakazi watalifanya kichekesho kabla ya Krismasi. Hili ndilo nalolipenda zaidi kuhusu jina la tendo: linamdai pia mwenye kampuni. Jina la marehemu halikumdai chochote. Alilitamka, akakabidhi kikombe, akaketi.

Makato yalisimamishwa. Posho ya dereva ilirudishwa, ingawa kwa kunung'unika.

Hofu ya pili ilitoka kwa wafanyakazi wenyewe, nayo ilikuwa ya haki. Kusema mapema, walisema, ni kuchomeana. Mtu atamripoti mwenzake ili apate kikombe. Tuliandika kanuni moja ya kuzuia hilo: tukio lazima lihusu kazi yako au mzigo ulio mkononi mwako wakati huo. Mwanadada wa Busia anafaa kwa sababu lori lilikuwa halijatoka kwake. Mtu anayejua mwenzake anaiba ana njia nyingine ya kuripoti, ya siri, na haina zawadi wala ukumbi. Ukichanganya hizo mbili, utakuwa umeanzisha mashindano ya umbea.

Fomu ya mapendekezo ikawa na maswali matatu. Nini kilitokea na lini. Huyu mtu angepoteza nini kwa kusema. Nani mwingine alikuwepo. Swali la pili ndilo linalochuja, maana kusema jambo lisilokugharimu si jambo la kutunukiwa. Hakuna nafasi ya kueleza tabia, na barua za sifa zilizotumwa mwaka huo zilirudishwa kwa upole zikiomba tukio.

Wapo watakaoniuliza kuhusu Nobel. Tuzo hizo zina jina la mtu, tena aliyetajirika kwa baruti, na zimesimama zaidi ya karne. Ni kweli. Ila wosia wake wa 1895 ulitaja matendo: zipewe walioleta manufaa makubwa zaidi kwa wanadamu, katika nyanja alizozitaja moja moja. Hakuna kamati inayouliza kama mwanakemia fulani anafanana na Alfred. Ikiwa kampuni yako itaandika masharti kwa ukali huo, na aliyetajwa yuko mbali kiasi kwamba hakuna aliyekula naye chakula cha mchana, jina lake halitadhuru sana. Kampuni ya watu mia na ushee haina umbali huo.

Nao ubaya wa kubandika jina la mtu ulionekana Marekani mwaka 2020, pale waandishi wa besiboli walipopiga kura kuliondoa jina la Kenesaw Mountain Landis kwenye ngao za mchezaji bora wa mwaka. Alikuwa kamishna wa mchezo huo kuanzia 1920 hadi kifo chake 1944, miaka ambayo weusi walifungiwa nje ya ligi kuu. Liliondolewa bila tuzo kutikisika, kwa sababu watu waliijua kwa kile inachotunuku, si kwa jina la Landis lililochorwa kwenye ngao. Kama watu wangekuwa wameizoea kwa jina la Landis, wangekuwa wamepoteza miongo mingi ya historia pamoja naye.

Kumtoa mzee wetu kulikuwa kugumu zaidi, maana hakuwa na doa lolote. Kutoliweka jina tangu mwanzo ni jambo jepesi. Kuliondoa baada ya miaka miwili ni kumzika mtu mara ya pili, na familia isikie kwanza kutoka kwa kampuni, si kwa mtu waliyekutana naye Kibuye sokoni. Mkurugenzi alikwenda mwenyewe nyumbani kwa mama mjane, akiwa na mfanyakazi mmoja wa zamani. Hakwenda kuomba ruhusa ya jambo lililokwisha amuliwa kisha akajifanya anaomba. Alieleza, akauliza familia ingependa mzee akumbukweje. Mama alisema mumewe hakupenda kupigiwa makofi, ila stoo ilikuwa yake. Basi stoo ya Kisumu sasa ina jina lake mlangoni, na tukio la mabati limeandikwa juu ya kanuni za tuzo kama mfano wa kwanza. Washindi wawili wa mwanzo walibaki kwenye orodha kwa jina la tuzo la wakati ule. Historia haifutwi ili ipendeze.

Lililobaki ni jambo ambalo bado linabishaniwa. Niliandika kwenye kanuni kwamba mwaka usio na tukio linalofaa, tuzo isitolewe. Uongozi hautaki hata kulisikia, kwa sababu ukumbi hulipiwa mapema na kikombe huchongwa Novemba. Lakini mwaka ambao hakuna mtu aliyesema lolote mapema katika depo nne, ama mambo yote yalikwenda sawa, jambo ambalo sijawahi kuliona kwenye biashara ya saruji, ama watu wamerudi kuogopa. Mkurugenzi anapaswa kulijua hilo kabla ya chakula kuletwa, na kikombe kisicho na mwenyewe kitamwambia haraka kuliko ripoti yoyote atakayoletewa na mameneja wake.